Vigezo na masharti kuzingatiwa, lakini vilionekana?

Saa 3:41 usiku, Kibirizi, Kigoma. Mwajuma ameshika simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Giza la mwezi linaanza wiki ijayo, na wavuvi wa dagaa wanaomkodishia taa wameshamkumbusha mara mbili. Kwenye tovuti ya kampuni moja ya Dar es Salaam ameona taa za sola za kuvulia, 85,000 kwa moja. Anachagua 14. Jumla inasomeka 1,190,000. Chini ya jumla kuna kitufe kikubwa cha rangi ya machungwa: KAMILISHA ODA.

Anabofya.

Mwajuma hayupo. Ni mtu wa kwenye karatasi ya mtihani wa sheria ya teknolojia, swali la alama 25, linaloishia na maneno mawili tu: "Mshauri Mwajuma." Nimelizungusha kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu karibu kila jibu ninaloliona kwa swali la aina hii huanza vizuri, likafika mahali penye ubishi wenyewe, kisha likasimama.

Mengine ya swali ni haya. Saa 3:43 usiku uleule ujumbe mfupi unaingia: "Oda yako imethibitishwa. Asante." Mwajuma analipa kianzio cha 400,000 kwa simu. Saa 3:58 barua pepe inafika, imeambatishwa kurasa tisa za masharti kwa Kiingereza. Siku tatu baadaye ajenti wa kampuni anakuja na tableti kusainisha mkataba wa mkopo wa 790,000 zilizobaki, na mpwa wa Mwajuma, Shabani, anamsaidia. Taa zinafika. Tisa kati ya 14 zinazimika baada ya saa mbili majini. Mwajuma anagoma kulipa. Kampuni inajibu kwa sharti namba 17, linalosema bidhaa ikishatoka ghalani Dar es Salaam hasara yote ni ya mnunuzi na hairudishwi. Inaongeza na kipengele cha mkataba wa mkopo: asilimia 10 ya deni kwa kila wiki ya kuchelewa.

## Sehemu ya kumaliza haraka

Je, mkataba uliofungwa kwa kubofya ni halali? Ndiyo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema mkataba unaweza kufungwa kwa njia ya kielektroniki, na hauwezi kunyimwa nguvu kwa sababu tu uko katika umbo hilo. Kifungu cha 21 ndicho cha kutaja. Kisha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10: makubaliano ni mkataba yakiwa yamefanywa kwa ridhaa huru, na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na lengo halali. Mwajuma ni mtu mzima, taa si haramu, pesa imetoka.

Aya mbili zinatosha. Anayejaza kurasa tatu kuthibitisha kwamba kubofya kunakubalika anathibitisha jambo ambalo hata wakili wa Mwajuma hatalipinga. Mwajuma mwenyewe anautaka mkataba uwepo. Bila mkataba, atadai nini kuhusu taa tisa mbovu?

Hapo ndipo wengi hupotea. Wanafundishwa kuuliza kama mkataba upo, wanapata "ndiyo", halafu wanadhani sharti namba 17 limeingia humo kama abiria kwenye basi. Mkataba kuwepo ni jambo moja. Sharti fulani kuwa sehemu ya mkataba huo ni jambo jingine kabisa.

## Kilichokuwa chini ya kitufe

Swali limeeleza ukurasa kwa makini, na maelezo hayo si mapambo. Juu kuna picha ya taa, bei, idadi, jumla, kitufe. Chini ya kitufe kuna safu ya "bidhaa nyingine unazoweza kupenda": betri, makoti ya mvua, nyavu. Ukiendelea kushusha ukurasa unakuta anwani ya kampuni, na mwisho kabisa, kwa maandishi ya kijivu, "Kwa kutumia tovuti hii umekubali Vigezo na Masharti." Maneno matatu ya mwisho ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine.

Hakuna kisanduku cha kuweka tiki. Hakuna neno lolote karibu na kitufe linalosema kwamba kukibofya ni kukubali kitu zaidi ya kununua.

Sote tumezoea redioni, tangazo linapoisha mtangazaji anaongeza kwa kasi ya cherehani: vigezo na masharti kuzingatiwa. Ukurasa huu haukufika hata hapo. Redioni angalau unasikia, utake usitake.

Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili nchini Marekani ilikutana na jambo hili mwaka 2002 katika Specht v Netscape. Watu walipakua programu ya bure iitwayo SmartDownload kwa kubofya kitufe cha kupakua. Masharti yalitajwa chini, kwenye sehemu ya ukurasa ambayo mtu angeiona tu kama angeshusha skrini baada ya kukipita kitufe. Kampuni ilitaka kuwabana kwa sharti la usuluhishi lililokuwemo. Mahakama ilikataa: mtu wa kawaida mwenye busara asingejua kwamba masharti yapo, na kubofya kitufe cha kupakua hakukuwa tamko la kuyakubali.

Usiseme kwamba Specht inaifunga mahakama ya Kigoma. Haiifungi. Ni mfano wa hoja tu. Kinachotubana zaidi ni kanuni ya zamani ya Kiingereza ambayo Specht inafanana nayo, ile ya Parker v South Eastern Railway ya mwaka 1877: anayetegemea masharti ambayo mwenzake hakuyasaini lazima aonyeshe kwamba alichukua hatua za kutosha kumjulisha kuwa yapo. Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inatuletea sheria ya mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Parker iko kabla ya tarehe hiyo. Kesi zilizofuata tunazisoma kwa heshima, bila kulazimika kuzifuata. Mstari mmoja wa aina hii humwonyesha msahihishaji kwamba unajua kwa nini unataja kesi za nje, kuliko kuzimwaga tu.

Basi Mwajuma anashinda hapa? Kwa ukurasa wa swali, naona anashinda. Lakini hamisha sentensi moja tu, "Kwa kubofya KAMILISHA ODA umekubali Vigezo na Masharti," iwe sentimita moja juu ya kitufe kwa herufi nyeusi, na jibu linageuka. Kutokuyafungua masharti hakumwokoi mtu aliyejulishwa kuwa yapo.

## Dakika kumi na tano

Kampuni ina njia ya pili. Inasema: hata kama ukurasa haukutosha, tulimtumia masharti yote kwa barua pepe saa 3:58, naye hakulalamika.

Hapa inabidi kuamua mkataba ulifungwa saa ngapi. (Neno la kuchunga: mtaani "ofa" ni punguzo la bei. Kwenye jibu andika "pendekezo", ili usimchanganye anayesahihisha.) Bei kwenye tovuti ni mwaliko tu, kama taa zilizopangwa dirishani dukani. Mwajuma kubofya saa 3:41 ni pendekezo. Ujumbe wa saa 3:43, "Oda yako imethibitishwa," ni ukubali. Mkataba umekamilika saa 3:43.

Masharti yamefika saa 3:58.

Yamechelewa dakika 15, na kwa sheria ya mikataba hizo ni sawa na mwaka. Kesi ya kushika ni Thornton v Shoe Lane Parking ya 1971. Dereva aliingia kwenye maegesho, mashine ikatoa tiketi, na tiketi ikamwelekeza kwenye masharti yaliyobandikwa ndani. Lord Denning alisema tiketi imekuja baada ya mteja kujifunga tayari. Anaweza hata kuitukana mashine, haitabadili kitu. Mtu hawezi kukubali sharti ambalo hajapata nafasi ya kulikataa.

Msomaji makini atauliza: je, kama ujumbe wa saa 3:43 ungesema "Tumepokea oda yako, tutakuthibitishia"? Hapo hakuna ukubali bado. Huo ungekuwa ujumbe wa kupokea tu, na barua pepe ya saa 3:58 ingeweza kuwa ndiyo jibu la kampuni, tena jibu lenye masharti mapya, yaani pendekezo jipya ambalo Mwajuma angelikubali kwa kulipa kianzio au kupokea taa. Neno moja, "imethibitishwa" au "imepokelewa", ndilo linaloihamisha saa ya mkataba. Kwenye chumba cha mtihani linukuu kama lilivyo. Usilifupishe kuwa "ujumbe ulitumwa".

## Shangazi na mpwa, 1930

Sehemu hii ndiyo iliyoninyima raha.

Masharti yako kwa Kiingereza. Mwajuma hasomi Kiingereza, na swali linasema hivyo waziwazi. Jibu linalokuja haraka mdomoni ni kwamba hakuelewa, basi hakukubali, na kifungu cha 13 cha Sheria ya Mikataba kinataka watu wakubaliane jambo lilelile kwa maana ileile.

Halafu unakutana na Thompson v London, Midland and Scottish Railway ya mwaka 1930. Mama asiyejua kusoma alitaka tiketi ya treni ya matembezi, na mpwa wake akalishughulikia. Tiketi mbele iliandikwa kwamba masharti yako nyuma, na nyuma ikaelekeza kwenye kitabu cha ratiba cha kampuni. Sharti la kukwepa dhima lilikuwa ukurasa wa 552 wa kitabu hicho, na kitabu chenyewe kiliuzwa peni sita. Mama aliumia akishuka. Mahakama ikasema amefungwa na sharti. Kipimo hakikuwa macho yake yeye, kilikuwa cha abiria wa kawaida wa tiketi ile, na abiria wa kawaida angeweza kusoma.

Ukiichukua hivyo hivyo, Mwajuma amekwisha. Shangazi asiyesoma, mpwa anayemsaidia, masharti yako mbali. Kana kwamba mtunga swali aliifungua kesi hiyo akabadilisha treni kuwa taa.

Baada ya kuisoma mara kadhaa naona mwanya uko kwenye maneno "abiria wa kawaida". Kampuni ya reli iliandika tiketi kwa lugha ileile iliyokuwa inauzia safari. Kampuni ya taa haikufanya hivyo. Picha, bei, maelezo, kitufe, na ujumbe wa kuthibitisha, vyote ni Kiswahili. Kiingereza kimeanza pale tu dhima ilipoanza. Ukiuza kwa Kiswahili, kundi ulilolialika ni la wasomaji wa Kiswahili, na kipimo cha taarifa ya kutosha ni cha kundi hilo. Mwajuma hahitaji kuombewa huruma kwa udhaifu wake binafsi. Yeye ndiye mteja wa kawaida wa ukurasa ule.

Kuna kesi ya kuegemea upande huu, Geier v Kujawa ya 1970. Tangazo la kukwepa dhima lilibandikwa ndani ya gari kwa Kiingereza, abiria alikuwa Mjerumani mwenye Kiingereza kidogo, na dereva alilijua hilo. Tangazo halikumfunga. Uzito wake uko kwenye kujua: kampuni inayotengeneza tovuti nzima kwa Kiswahili haiwezi kudai haikujua wateja wake wanasoma lugha gani.

Andika zote mbili. Jibu lenye Geier peke yake ni la wakili anayeficha karatasi, na Thompson peke yake inaonyesha kwamba hukuuangalia ukurasa wenyewe.

## Tarakimu sita

Sasa sahihi.

Ajenti amekaa kwenye benchi nje ya kibanda. Anafungua mkataba wa mkopo, kurasa sita, kwenye tableti yake. Anaandika jina MWAJUMA mwenyewe kwa kidole. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu ya Mwajuma, ambayo laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha Shabani, mtoto wa kaka yake. Shabani ndiye ameishika simu.

"Kaka, nisomee hizo namba zilizoingia, zinaisha muda."

"Shangazi, nimsomee?"

"Msomee, tumalize."

Shabani anasoma tarakimu sita kwa sauti. Ajenti anaziingiza. Skrini inaandika: Mkataba umesainiwa.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki kinaeleza sahihi ya kielektroniki iliyo salama. Iwe ya kipekee kwa kazi inayotumikia. Iweze kumtambulisha aliyesaini. Iwe imetengenezwa na kuwekwa na msaini mwenyewe. Iwe chini ya udhibiti wake. Na iwe imefungamana na maandishi kwa namna ambayo badiliko lolote baadaye litaonekana.

Pima moja moja. Utambulisho unayumba, kwa sababu namba inathibitisha kwamba mtu fulani aliiona simu ile, na laini ni ya Shabani. Kuwekwa na msaini kunaanguka, jina na tarakimu vyote vimeingizwa na ajenti, mtu wa upande wa pili. Udhibiti ulikuwa wake mpaka tarakimu ya kwanza iliposomwa kwa sauti. Kuhusu kufungamana, swali linatupa mstari ulioandikwa na mfumo wa kampuni:

```
jina=MWAJUMA otp=sawa faili=mkataba.pdf
```

Mstari huu unasema faili linaitwaje. Hausemi ndani lina nini. Kesho mtu akiweka mkataba mwingine kwa jina hilohilo, mstari hautabadilika. Mfumo uliotengenezwa vizuri hukokotoa alama ya vidole ya faili pale pale sahihi inapowekwa, kwa mfano:

```
sha256sum mkataba.pdf
```

Amri hiyo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha asilimia 5 iwe 10 ndani ya faili, uirudie amri, na mfuatano mwingine kabisa unatoka. Ukihifadhiwa pamoja na jina na muda, hapo ndipo sahihi inakuwa imefungamana na maandishi. Mstari wa kampuni hauna kitu hicho.

Kwa hiyo sahihi hii si salama kwa maana ya kifungu cha 7. Majibu mengi yanafika hapa, yanapiga mstari, yanaandika: mkataba wa mkopo ni batili.

Siyo.

Soma kifungu cha 6 kabla hujaandika neno batili. Sahihi salama inatakiwa pale ambapo sheria inataka sahihi. Pale ambapo sahihi ni hitaji la wahusika wenyewe wa mkataba, inatosha njia iliyotumika imtambulishe mtu na kuonyesha nia yake kuhusu kilichoandikwa. Na Sheria ya Mikataba haidai sahihi kwa kila mkataba. Kuuziana taa kwa mkopo kunaweza kufungwa hata kwa mdomo, labda sheria nyingine itamke vinginevyo. Kukosa usalama wa kifungu cha 7 hakuuui mkataba. Kunamwachia kampuni mzigo wote wa kuthibitisha kwamba Mwajuma ndiye aliyekubali, na alikubali nini.

Kwa ukubali wenyewe, kampuni ina kitu. "Msomee, tumalize" ni maneno ya mtu anayeridhia. Shabani alitumwa. Alitenda kama wakala wake, mbele yake, na Mwajuma akapokea taa baadaye bila kukana. Sioni mahakama ikisema hakuna mkataba wa mkopo hapa. Ubishi uko kwenye nusu ya pili: alikubali nini? Yale maandishi ya kurasa sita, au yale aliyoambiwa na ajenti kwa mdomo, kwamba "utalipa kidogokidogo kwa miezi minne"?

## Kumbukumbu ni ya nani

Kampuni inaleta mahakamani karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye tovuti yake, yenye sharti namba 17. Juu pembeni pana tarehe ya kuchapishwa: wiki iliyopita. Oda ilikuwa Machi.

Angalia hapo. Ukurasa wa leo hauonyeshi ukurasa wa Machi. Swali limetoa na mstari wa seva wa usiku ule:

```
21:41:07 oda=48213 kitufe=kamilisha_oda masharti_toleo=null
```

Mfumo una nafasi ya kuandika toleo la masharti ambalo mteja alilikubali, na nafasi hiyo ni `null`, tupu. Ama hapakuwa na masharti yaliyofungamanishwa na oda, ama hakuna aliyejali kuyaandika. Vyovyote iwavyo, kampuni haiwezi kuonyesha toleo lipi lilikuwa hewani saa 3:41 usiku ule.

Kifungu cha 18 kinahusu ushahidi wa kielektroniki. Kupokelewa ni rahisi, uzito ndiyo shida. Mahakama itaangalia jinsi ujumbe ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na mwanzishaji wake alivyotambuliwa. Lakini kuna sehemu ambayo wengi huiruka. Uhalisi wa mfumo wa kumbukumbu hudhaniwa, mpaka ionyeshwe vinginevyo, pale kumbukumbu inapokuwa imehifadhiwa na upande ambao maslahi yake yanapingana na ya yule anayeileta.

Maana yake kwa Mwajuma ni kubwa. Kampuni ikileta mstari wake wa seva, inabidi ilete na mtu wa kueleza kwamba mfumo ulikuwa unafanya kazi sawasawa muda wote. Mwajuma akiuleta mstari uleule, dhana iko upande wake, kwa sababu umehifadhiwa na mpinzani. Ushauri wa kwanza wa vitendo basi ni kuiomba mahakama iiamuru kampuni itoe kumbukumbu za oda namba 48213 zikiwa nzima. Ushauri wa pili, asifute ujumbe wa saa 3:43. Picha ya skrini ni nzuri, simu yenyewe ni bora zaidi.

## Pesa

Sharti namba 17 likianguka, Mwajuma hapati taa mpya kwa muujiza. Anahitaji haki ya kudai. Inatoka Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214: bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika, na ifae kwa kazi ambayo muuzaji alijulishwa. Taa ya kuvulia inayozimika baada ya saa mbili, wakati kazi ni ya usiku kucha, haifai. Taa tisa kwa 85,000 ni 765,000. Deni lililobaki ni 790,000. Akifaulu kudai thamani yote ya zile tisa, tofauti ni 25,000 tu, na hapo hatujagusa mapato ya giza moja lililopotea.

Na asilimia 10 kwa wiki? Ni 79,000 kila wiki, hata bila kulimbikiza. Wiki nane ni 632,000. Katika Interfoto v Stiletto ya 1989 faini ya kuchelewesha picha 47 ilifika paundi 3,783.50, na mahakama ikasema sharti zito namna hiyo lazima liletwe mbele ya macho ya mtu waziwazi, haitoshi kulichanganya na mengine. Hata likiingia, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba hakiruhusu kiasi kilichotajwa kichukuliwe kama kilivyo. Mdai anapata fidia ya kiasi cha haki, na kiasi kilichotajwa kinabaki kuwa dari.

Ningeishia hapo, ila kuna mstari mmoja wa swali ambao sijapata namna ya kuuzunguka. Shabani, linasema swali, amemaliza kidato cha sita na anasoma Kiingereza vizuri. Kwa ile oda ya saa 3:41 haidhuru, hakuwepo. Lakini kwenye mkataba wa mkopo kampuni inamhitaji Shabani awe wakala ili sahihi isimame, na akishakuwa wakala, alichojua kinaweza kuhesabiwa kuwa amejua shangazi yake. Tableti ilikuwa mkononi mwa ajenti muda wote. Swali halisemi kama iliwahi kugeuzwa upande wa Shabani.